Mlango wa Mitrali Uliosinyaa kwa Mjamzito: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mjamzito anayeshindwa kulala bila mito mitatu, anayeamka usiku akikohoa na kutafuta hewa dirishani, hupewa moja ya majina matatu katika vituo vyetu: pumu, nimonia, au "ni mimba tu, ukijifungua itaisha." Akitema makohozi yenye damu anaweza kuanzishiwa hata dawa za kifua kikuu. Jina la nne halitajwi hadi mapafu yamejaa maji. Jina hilo ni mlango wa mitrali uliosinyaa, na maagizo haya ni ya tabibu, muuguzi na mkunga ambaye huenda akawa mtu wa kwanza kuuweka mkono wake juu ya ugonjwa huo.

Mlango wa mitrali uko kati ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, kinachopokea damu kutoka mapafuni, na chumba cha chini cha kushoto, kinachoisukuma kwenda mwilini. Kwa mtu mzima mwenye afya uwazi wake ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Mtoto anayeugua koo kwa bakteria wa streptokoka anaweza kupata homa ya baridi yabisi, na kinga ya mwili wake ikaushambulia mlango huo. Kila shambulio huacha kovu, na kingo za mlango hushikamana taratibu kwa miaka. Uwazi ukifika 1.5 au chini ya hapo, ugonjwa umekuwa mkali. Wagonjwa wengi ni wanawake, na katika nchi zetu hufika hapo wakiwa bado vijana wa umri wa kuzaa. Msichana wa namna hii huchota maji, hulima, huenda sokoni, wala hajui ana tatizo. Moyo humpa taarifa ya kwanza akiwa na mimba ya miezi sita.

KUSIKILIZA

Msikilize moyo kila mjamzito anayelalamika pumzi. Usitosheke na presha, uzito na urefu wa mimba. Miguu kuvimba kidogo na kuchoka upesi ni mambo ya kawaida ya mimba. Kushindwa kulala chali kwa kukosa hewa, kuamka usiku ukikabwa na pumzi, na kutema damu si mambo ya mimba hata kidogo.

Mlaze ubavu wa kushoto, kisha tafuta kilele cha moyo kwa vidole kabla ya stetoskopu. Ukimwacha chali utaukosa mngurumo wa ugonjwa huu. Akigeuka kushoto, moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua. Mwambie atoe pumzi yote na aishikilie kidogo. Mara nyingi vidole vitagongwa na pigo fupi, kavu, kama kitu kinachofungwa kwa nguvu: hilo ni pigo la kwanza la moyo, ambalo katika ugonjwa huu husikika kubwa kuliko kawaida.

Tumia upande wa kengele, na usiukandamize. Mngurumo huu ni sauti nzito ya chini, iko karibu na mahali ambapo sikio la mtu linaishia. Kengele iguse ngozi tu, kiasi cha kuziba hewa pembeni. Ukiibana, ngozi ya mgonjwa inakazika, inafanya kazi ya upande ule bapa wa stetoskopu, na sauti za chini zinachujwa zote. Nimeona wanafunzi wakibana kwa nguvu zaidi kadiri wasivyosikia. Punguza mkono. Zima feni, na waombe ndugu watoke nje.

Sasa panga unachosikia. Pigo la kwanza, kubwa, ni milango inafungwa moyo uanze kukamua. Pigo la pili ni mwisho wa kukamua. Mara tu baada ya pigo la pili, sogea kidogo kuelekea mfupa wa kifua na utasikia mwaliko mfupi, mkavu: ni mlango wa mitrali wenye makovu ukijaribu kufunguka na kukwama. Baada ya mwaliko huo ndipo unapoanza mngurumo, katika kipindi ambacho moyo unajaa damu, yaani diastoli. Huanza, hufifia, kisha hupanda tena mwishoni pale chumba cha juu kinapojiminya kusukuma damu iliyobaki, na huishia moja kwa moja kwenye pigo la kwanza linalofuata. Ukipotea, weka kidole kwenye mshipa wa shingo: mshipa ukiruka, moyo unakamua, mshipa ukiwa kimya, moyo unajaa. Mngurumo unaoutafuta uko kwenye kimya cha mshipa.

Usiseme "hii ni sauti ya mimba" kwa sauti yoyote iliyo kwenye kipindi cha kujaa. Mimba huleta mvumo laini wakati moyo unakamua, kwa sababu damu nyingi inapita kwa kasi. Huo uukubali. Mngurumo wa kipindi cha kujaa uchukuliwe kuwa ugonjwa hadi kipimo cha eko kiseme vingine. Sheria hii haina msamaha.

Usipime ukali kwa ukubwa wa sauti. Mlango uliobana kabisa unaweza kunguruma kidogo, kwa sababu damu inayopita ni chache. Pima kwa muda. Mngurumo mfupi unaokoma katikati ya kipindi cha kujaa unaashiria mlango ambao bado una nafasi. Unaojaza kipindi chote unaashiria mlango mwembamba. Sikiliza pia umbali kati ya pigo la pili na mwaliko. Shinikizo la chumba cha juu likiwa kubwa, mlango hulazimishwa kufunguka mapema, na mwaliko hulisogelea pigo la pili. Na makovu yakiwa yamekauka kama chokaa, mlango haukunjuki tena: mwaliko hupotea na pigo la kwanza hufifia. Kimya cha namna hiyo hakimaanishi nafuu.

Usitangaze moyo mzima kwa sababu hukusikia kitu kwenye moyo unaopiga 130. Kwa kasi hiyo kipindi cha kujaa ni kifupi mno na sauti zote hurundikana. Kwanza tibu kasi, kisha rudi usikilize upya.

HESABU AMBAYO LAZIMA UIELEWE

Anayekariri dawa bila kuelewa hesabu hii atampa mgonjwa dawa iliyo sahihi kwa ugonjwa mwingine.

Damu hupita kwenye mlango wa mitrali wakati moyo unajaa tu. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika, jumla ya muda wa kujaa katika dakika hiyo ni kama sekunde 32. Moyo unapoongeza kasi, muda wa kukamua haupungui sana. Unaokatwa ni muda wa kujaa. Kwenye mapigo 120, jumla ya sekunde za kujaa hubaki kama 24. Daladala ikikaa kituoni muda mfupi huku abiria wameongezeka na mlango ni uleule mwembamba, watasukumana. Msukumano huo ndani ya moyo ni shinikizo, na shinikizo lote hurudi nyuma, mapafuni.

Kinachofanya jambo hili liwe kali ni kwamba shinikizo haliongezeki sambamba na mtiririko. Huongezeka kwa mraba wake. Mtiririko ukizidi mara mbili, shinikizo linazidi mara nne. Kanuni hiyo iliandikwa mwaka 1951 na Richard Gorlin, daktari wa moyo, pamoja na baba yake aliyekuwa mhandisi, nayo bado inatumika.

Mchukulie mwanamke mwenye mlango wa sentimita za mraba 1.5. Kabla ya mimba moyo wake unasukuma lita 5 kwa dakika, ukipiga mara 70. Lita hizo zinapita katika sekunde 32, na ukitumia kanuni ya Gorlin, tofauti ya shinikizo kati ya chumba cha juu na cha chini ni karibu milimita 8 za zebaki. Jumlisha 5 hivi za chumba cha chini chenyewe, utapata 13 mapafuni. Mtu wa 13 anaishi vizuri, labda anachoka akipanda mlima.

Sasa ana mimba ya wiki 29. Damu yake imeongezeka kwa asilimia 40 au zaidi, moyo unasukuma kama lita 7 na unapiga mara 90. Mlango ni uleule. Tofauti ya shinikizo imefika 18, na mapafu yanabeba 23. Amekaribia 25, kiwango ambacho maji huanza kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo kuingia kwenye mapafu. Sasa anahitaji mito mitatu.

Halafu anapata malaria. Homa inapandisha mapigo hadi 120 huku lita zikibaki 7. Tofauti ya shinikizo inafika karibu 27, mapafu yanabeba 32, na anaanza kutoa povu la rangi ya waridi. Hakuna kilichoharibika zaidi kwenye mlango kati ya jana na leo. Ni kasi tu iliyobadilika.

Kwa miaka mingi ya ugonjwa mapafu ya baadhi ya wagonjwa hujifunza kuvumilia shinikizo kubwa kidogo, kwa hiyo usiichukue 25 kama ukuta. Ichukue kama ukingo.

MAMA WA WIKI 29

Mgonjwa wa hesabu yetu ana miaka 24 na hii ni mimba yake ya pili. Ya kwanza aliibeba kwa shida lakini akajifungua nyumbani. Analetwa usiku na mama mkwe akiwa ameketi, hawezi kulala. Mapigo 128, presha 100 kwa 65, hewa ya oksijeni mwilini asilimia 86. Kifuani kuna mikwaruzo pande zote na mluzi kidogo. Mluzi huo ndio mtego. Mapafu yenye maji hupiga mluzi kama ya pumu.

Usimpe salbutamoli kwa sababu ya mluzi peke yake. Salbutamoli hupandisha mapigo, na umeshaona kwenye hesabu kasi inafanya nini. Uliza kwanza: aliwahi kuwa na pumu utotoni? Mluzi ulianza lini? Mluzi unaoanza kwa mara ya kwanza katika mwezi wa saba wa mimba, na kumwamsha mgonjwa usiku, ni wa moyo hadi uthibitishe sivyo.

Usimfungulie dripu ya maji. Presha ya 100 kwa 65 humtisha kijana wa zamu, na mkono wake hukimbilia chupa ya maji ya chumvi. Mgonjwa huyu anazama kwa maji yake mwenyewe. Kanula iwekwe, ifungwe, isubiri dawa.

Mketishe, mpe oksijeni, mpe furosemaidi mshipani miligramu 20 hadi 40. Akikojoa na pumzi ikatulia, usiendelee kumkausha. Mtoto naye anategemea damu hiyohiyo, na kukausha kupita kiasi hupandisha mapigo tena.

Mshushe mapigo. Hapa ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mioyo mingine iliyoshindwa kazi. Katika moyo uliochoka misuli tunaogopa kumpa mgonjwa aliyejaa maji dawa za kundi la bita bloka. Hapa misuli ya chumba cha chini kwa kawaida ni mizima. Kinachonyimwa ni muda wa kujaa. Bita bloka inarudisha muda huo. Metoprololi ndiyo inayopendelewa. Wengi huanza na miligramu 12.5 au 25 mara mbili kwa siku na kupandisha taratibu. Lenga mapigo 60 hadi 80 akiwa ametulia. Kwa mjamzito chini ya 90 ni ushindi. Atenololi uiache, kwa kuwa inahusishwa na mtoto kutokua vizuri tumboni. Na kama misuli ya moyo ni dhaifu, au mgonjwa ana pumu ya kweli, au mwili umepoa na presha imeanguka, usiamue peke yako: piga simu kwa daktari wa moyo.

Tafuta kilichowasha moto. Pima malaria, pima wingi wa damu, pima mkojo, sikiliza mapafu kwa ajili ya nimonia. Upungufu wa damu ni adui mkubwa kwa wajawazito wetu, kwa sababu damu nyepesi hulazimisha moyo kusukuma lita nyingi zaidi kwa kazi ileile. Ukilazimika kumwongezea damu, mpe chembe zilizotenganishwa kama zipo, chupa moja kwa wakati, polepole lakini isizidi saa nne, ukiwa na furosemaidi mkononi. Mshushe homa. Mtulize pia: hofu na maumivu navyo hupandisha mapigo, na wodi yenye kelele si jambo dogo kwa mgonjwa huyu.

Mama huyu, akishughulikiwa hivi, asubuhi anaweza kuwa na mapigo 88 na oksijeni asilimia 96. Hapo ndipo unapomgeuza ubavu wa kushoto, unaweka kengele bila kuibana, na mngurumo ambao usiku haukusikika unajitokeza wazi. Mkewe fulani, dada wa fulani, haondoki leo kwenda nyumbani. Anakwenda rufaa kwa ajili ya eko, akisindikizwa na barua inayotaja mapigo aliyokuja nayo na dawa alizopewa.

MAPIGO YASIYO NA MPANGILIO

Chumba cha juu kikibanwa miaka mingi hutanuka, na kikitanuka sana umeme wake huvurugika. Kinaacha kujiminya, kinatetemeka tu. Mapigo huenda 140 au 160, hayana mpangilio wowote, na kule kupanda kwa mngurumo kabla ya pigo la kwanza kunatoweka, maana hakuna tena wa kujiminya. Mgonjwa hupoteza vitu viwili kwa mkupuo: muda wa kujaa, na ule msukumo wa mwisho.

Usihesabu mapigo kwenye mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha. Mapigo mengine ni dhaifu mno kufika kwenye kifundo cha mkono. Hesabu kwenye kilele cha moyo, kwa stetoskopu, dakika nzima.

Usisite kutumia umeme kwa mjamzito anayezama. Presha ikianguka au mapafu yakijaa kwa sababu ya mapigo hayo, shoti ya umeme iliyopangwa sawa na mapigo ni salama kwa mama, na mtoto anavumilia. Mtoto hufa zaidi kwa mama kucheleweshwa. Kama hali haijafika huko, metoprololi au digoksini hushusha kasi. Digoksini ni ya polepole, usitegemee ifanye kazi ndani ya dakika kumi.

Mpe dawa ya kuzuia damu kuganda, na uchague ile iliyo sahihi. Damu iliyotuama kwenye chumba kinachotetemeka huganda, na mimba yenyewe huifanya damu igande upesi. Donge likitoka hapo huenda kwenye ubongo. Katika mimba mara nyingi ni heparini. Warfarini katika wiki ya 6 hadi ya 12 inaweza kumharibu mtoto, na karibu na kujifungua inamweka mtoto kwenye hatari ya kuvuja damu. Ratiba ya kubadilisha dawa hizi aipange daktari wa moyo pamoja na wa uzazi, isipangwe na mgonjwa mwenyewe dukani. Zile dawa mpya za kuzuia kuganda, kama rivaroksabani, hazifai hapa. Utafiti wa INVICTUS uliochapishwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi wenye mapigo yasiyo na mpangilio, ulikuta waliotumia rivaroksabani wakifariki zaidi kuliko waliotumia dawa za jamii ya warfarini. Wala mjamzito hapewi kabisa.

PUTO

Akiwa kwenye dawa na bado hawezi kulala, mlango wenyewe upanuliwe. Daktari Kanji Inoue wa Japani alichapisha mwaka 1984 njia ya kupitisha puto kwenye mshipa wa nyonga hadi moyoni, kulijaza katikati ya mlango, na kuziachanisha kingo zilizoshikamana. Mlango wa 0.9 unaweza kutoka ukiwa 1.8, na kwa hesabu ile ya mraba, kinachoshuka mapafuni ni zaidi ya nusu. Kazi hii hufanywa kwenye taasisi za moyo zenye maabara ya katheta, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, au Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago.

Usisubiri ajifungue kwanza kama dawa zimeshindwa. Puto linaweza kuwekwa akiwa mjamzito, kwa kawaida baada ya wiki ya 20, tumbo likikingwa na mionzi. Halifai pale ambapo kuna donge kwenye chumba cha juu au mlango unavuja sana, na ndiyo maana eko hutangulia. Mpe rufaa mapema, kabla ya wiki ya 28, kwa sababu kati ya hapo na wiki ya 34 ndipo mzigo wa damu hufika kileleni.

LEBA

Kila uchungu unapobana, mfuko wa uzazi hukamua mililita 300 hadi 500 za damu na kuzirudisha kwenye mzunguko. Maumivu hupandisha mapigo. Ni hesabu ileile, ikirudiwa kila dakika chache kwa saa nyingi.

Mlaze ubavu, kichwa kikiwa juu, na umpunguzie maumivu mapema. Ganzi ya mgongoni inayoongezwa kidogokidogo ni msaada mkubwa. Ile ya mara moja ya upasuaji inaweza kuangusha presha ghafla, na kinachofuata ni mtu kukimbilia dripu. Daktari wa ganzi ajulishwe mlango ulivyo kabla hajagusa sindano.

Usimwambie asukume kwa nguvu zake zote. Kichwa kikishashuka, daktari au mkunga aliyefunzwa amsaidie kwa vakyumu. Kujifungua kwa njia ya kawaida ndiko kunakopendelewa. Mlango uliosinyaa peke yake si sababu ya kisu. Aliyeingia leba akiwa kwenye warfarini ni habari nyingine, huyo kwa kawaida hupasuliwa kwa ajili ya mtoto.

Usimpe ergometrini. Iandike kwa kalamu nyekundu juu ya faili. Inabana mishipa, inapandisha shinikizo la mapafu, na inarudisha damu nyingi moyoni kwa ghafla.

Mpe oksitosini, lakini usiisukume mshipani kwa mkupuo. Ikisukumwa, presha huanguka na mapigo huruka. Ipite taratibu kwenye dripu ndogo inayohesabiwa. Kuiacha kabisa kwa woga ni kosa jingine, kwa sababu mama huyu akivuja damu nyingi mapigo yatapanda vilevile.

Usitumie salbutamoli wala nifedipini kuzuia uchungu wa mapema. Zote mbili hukimbiza moyo.

BAADA YA KUJIFUNGUA

Ndugu wakishapiga vigelegele ndipo hatari inapokuwa kubwa. Mfuko wa uzazi umejikunja na kurudisha damu yake, mshipa mkubwa uliokuwa umekandamizwa na mimba umefunguka, na vyote hivyo vinaelekea kwenye mlango uleule. Mapafu yanaweza kujaa ndani ya saa chache.

Usimruhusu kwenda nyumbani baada ya saa 24 kama wengine. Abaki chini ya uangalizi saa 72. Hesabu pumzi na mapigo kila saa siku ya kwanza. Mapigo yanayopanda kutoka 84 hadi 104 bila sababu ni onyo, usisubiri kikohozi. Usimwachie vidonge vya metoprololi viishe wikendi kwa sababu famasia imefungwa.

Endeleza sindano ya benzathini penisilini. Yuniti milioni 1.2 kwenye msuli, kila wiki tatu au nne, kwenye mimba na baada yake. Ni salama kwa mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Inazuia shambulio jipya la baridi yabisi lisiongeze kovu juu ya kovu, na kwa mwenye mlango uliobana huenda kwa miaka mingi, mara nyingi hadi umri wa miaka 40. Mgonjwa anayeiogopa kwa maumivu apewe ikiwa imechanganywa na lignokaini, asipewe ruhusa ya kuiacha.

Zungumza uzazi wa mpango kabla hajatoka wodini, na mume awepo kama mama anataka. Njiti na kitanzi vinafaa. Vidonge vya majira vyenye estrojeni asipewe, kwa kuwa vinaongeza kuganda kwa damu. Mwambie wazi kwamba mlango ulio chini ya 1.5 urekebishwe kwanza, ndipo mimba nyingine ipangwe. Tarehe ya kliniki ya moyo iandikwe kwenye kadi ya mtoto, kwa sababu hiyo ndiyo kadi ambayo mama hasahau kuibeba.